Mbanguaji wa Ishirini na Moja

Hesabu hii niliikosea mimi mwenyewe, tena kwa kujiamini. Mama mmoja mwenye karakana ya kubangua korosho mkoani Mtwara, ambaye humsaidia vitabu vyake vya hesabu, alinipigia simu jioni moja. Mnunuzi wake aliyezoea kuchukua kilo 2,400 za korosho karanga kwa mwezi sasa alitaka kilo 2,640. "Mwanangu, nimpe bei ileile?" aliniuliza. Nilikuwa njiani, na hesabu nilikuwa nayo kichwani. Nikamjibu: "Mpe ileile, mama. Zimeongezeka kilo 240 tu, na wewe unaongeza wabanguaji wawili tu."

Mwezi ulipokwisha mzigo ulikuwa umeondoka wote, mnunuzi amelipa bila maneno, na karakana imebaki na upungufu wa shilingi 540,000. Hakuna aliyeiba, hakuna mashine iliyoharibika. Upungufu ule ulitoka kwenye kichwa changu.

Nikafunga safari kwenda kuangalia. Nilishakwenda mara nyingi, lakini safari zote hizo nilikuwa nikikaa ofisini na mafaili. Mara hii niliomba kiti ndani ya banda.

Korosho ghafi hufika mezani zikiwa zimeshapikwa kwa mvuke na kupoa, ganda limekuwa gumu la kupasuka vizuri. Mbanguaji huweka korosho moja kati ya visu viwili, akakanyaga pedali, akavuta mkono wa mashine, ganda likafunguka. Kisha huchokonoa kiini kwa ncha ya chuma kikatoka kizima, kama mkono wake ni mzuri. Maganda yana mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo kuna glavu, na asiyependa glavu hujipaka mafuta ya kula na majivu. Katikati ya meza hizo anapita msimamizi. Anachota gao moja kwenye karai, anahesabu zilizo nzima na zilizovunjika, anarekebisha visu vilivyoachana, anamkaripia aliyevua glavu, anapima na kuandika, anahamia meza inayofuata.

Niliweka saa. Kwa kila meza alitumia kama dakika tatu. Mama anataka kila meza ipitiwe mara moja kwa saa, kwa sababu visu vikilegea, saa moja inatosha kuharibu zaidi ya nusu kilo. Dakika 3 mara meza 20 ni saa moja kamili. Basi hapo ndipo ilipotoka ile kanuni ya karakana kwamba kila wabanguaji 20 wana msimamizi wao. Kwa miaka yote nilikuwa nikidhani ni desturi tu.

Sasa tazama kilichotokea. Namba nimezizungusha ziwe nyepesi kuhesabika, nami nahesabu mishahara peke yake. Korosho ghafi, kuni, umeme na mifuko tuviache nje. Mbanguaji mmoja hutoa kilo 5 za korosho karanga kwa siku, na mwezi wa kazi una siku 24, kwa hiyo kilo 120. Mshahara wake ni shilingi 240,000, maana yake kila kilo inabeba shilingi 2,000 za mbanguaji. Msimamizi hulipwa shilingi 600,000. Kwa oda ya kilo 2,400 wanahitajika wabanguaji 20 na msimamizi 1. Jumla shilingi 5,400,000. Gawa kwa kilo, unapata shilingi 2,250. Hiyo ndiyo namba niliyokuwa nayo kichwani ile jioni ya simu.

Kwa kilo 2,640 wanahitajika wabanguaji 22. Mishahara yao ni shilingi 5,280,000. Lakini mbanguaji wa ishirini na moja hakuingia peke yake mlangoni. Aliingia na msimamizi wa pili. Wasimamizi wawili ni shilingi 1,200,000, jumla yote shilingi 6,480,000. Mimi kwa bei ya 2,250 nilikuwa nimemkusanyia mama shilingi 5,940,000. Toa moja kwa nyingine, ile 540,000 hiyo hapo.

Ukitaka kuona ukubwa wa kosa, usitazame kilo zote. Tazama zile 240 zilizoongezeka. Zilileta gharama mpya ya shilingi 1,080,000, sawa na shilingi 4,500 kwa kila kilo, mara mbili ya bei niliyompa.

Wahasibu huziita gharama za namna hii gharama za ngazi. Mshahara wa mbanguaji unapanda kama mlima: mtu mmoja zaidi, gharama kidogo zaidi. Kodi ya banda ni tambarare, awe mtu 5 au 50 mwenye banda anataka kodi yake. Msimamizi si mlima wala tambarare. Unatembea sawasawa kuanzia mbanguaji wa kwanza hadi wa ishirini bila gharama yake kusogea hata senti, halafu kwa hatua moja unapanda kidaraja cha shilingi 600,000, kisha unatembea tena sawasawa hadi wa arobaini.

Wengi tunakosea kwa sababu daftari la makadirio lina safu mbili tu, gharama zinazobadilika na zisizobadilika, na msimamizi lazima aingizwe mahali. Ukimweka kwenye zisizobadilika, unaandika 600,000 na kusahau. Kwa oda ya kilo 2,640 ungekosa 600,000 nzima. Ukimweka kwenye zinazobadilika, unagawa mshahara wake kwa watu 20, unapata shilingi 30,000 kwa kila mbanguaji, unasonga mbele. Hilo ndilo nililolifanya, na lilikuwa limenikalia vizuri kwa miezi mingi kwa sababu moja tu: watu walikuwa 20 kamili, na kwenye ukingo wa kidaraja njia zote hutoa jibu sahihi. Hesabu mbovu inaweza kuishi miaka ikiwa haijajaribiwa.

Kwenye kompyuta kosa hujificha vizuri zaidi. Ikiwa idadi ya wabanguaji iko kwenye kisanduku B2, fomula yangu ilikuwa ya kwanza hapa chini, na inayotakiwa ni ya pili.

```
=B2/20*600000
=ROUNDUP(B2/20,0)*600000
```

Ya kwanza huajiri msimamizi mmoja na sehemu ya kumi ya mwingine, mtu ambaye sijawahi kumwona kwenye karakana yoyote. Na angalia usiandike `ROUND` peke yake: 22 gawa kwa 20 ni 1.1, na `ROUND` itairudisha kuwa 1, msimamizi wa pili apotee kimya kimya.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba kumgawa msimamizi kwa kila mfanyakazi ni dhambi siku zote. Chukua kiwanda chenye wabanguaji 300 na wasimamizi 15. Akiongezeka mtu mmoja, msimamizi wa kumi na sita anaingia, na kwa muda anasimamia meza moja. Gharama ya kilo inapanda kutoka shilingi 2,250 hadi karibu 2,266. Shilingi 16! Nani atapoteza usingizi? Pale vidaraja ni vidogo vikilinganishwa na urefu wa ngazi nzima, na ukivitazama kwa mbali vinafanana na mlima. Mhasibu wa kiwanda hicho akitumia 30,000 kwa kila mbanguaji hajakosea kitu cha maana. Karakana ya mama ina vidaraja vilevile kabisa, ila yeye anasimama kwenye cha kwanza na cha pili, na hapo kila kimoja kinamfika kifuani.

Hapa ndipo linapoingia neno jingine la wahasibu, wigo husika. Maana yake ni eneo la shughuli ambamo makadirio yako yamejengwa na ambamo bado ni ya kweli. "Msimamizi ni shilingi 600,000 kwa mwezi" ni sentensi ya kweli kuanzia mbanguaji 1 hadi 20. Nje ya hapo ni uongo, ingawa hakuna aliyebadilisha mshahara wa mtu. Kwa hiyo kila namba ya gharama isiyobadilika ilistahili kuandikwa pembeni yake: kutoka hapa, mpaka hapa. Hata kodi ya banda niliyoiita tambarare ina ukingo wake, maana banda la mama lina nafasi ya meza 60. Meza ya 61 inahitaji banda lingine, na tungi la kupikia kwa mvuke nalo litakuwa limeshalalamika kabla ya hapo. Kinachoitwa gharama isiyobadilika mara nyingi ni kidaraja kirefu tu, ambacho hujafika mwisho wake.

Na wigo haupimwi kwa idadi ya watu peke yake. Zile dakika tatu kwa meza ni za wabanguaji wazoefu. Mgeni wa wiki mbili anataka dakika tano, na ukigawa saa moja kwa dakika tano unapata meza 12, si 20. Karakana inayoajiri wapya wengi kwa mkupuo mwanzoni mwa msimu itapanda kidaraja mapema kuliko fomula inavyosema. Kinyume chake, karakana yenye watu 22 kwenye orodha ya mishahara lakini wawili wasiofika karibu kila siku, kwa homa au msiba, ina meza 20 zenye watu. Hapo msimamizi mmoja anatosha. Kinachohesabiwa ni meza zinazofanya kazi, na orodha ya mishahara inaweza kukupandisha ngazi ambayo haipo.

Nilipommalizia mama maelezo haya, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo ningepaswa kulijibu tangu ile simu ya kwanza: "Sasa mwezi ujao nifanyeje? Mnunuzi bado anataka 2,640."

Tukatafuta njia ya kubaki kwenye kidaraja kilekile. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo kwa siku sita ni saa 7 na nusu kwa siku. Juu ya hapo ni saa za ziada, zisizozidi 50 katika kila wiki nne, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Mbanguaji anayetoa kilo 5 kwa saa 7 na nusu atatoa nusu kilo zaidi kwa dakika 45. Watu 20 wakibaki dakika 45 kwa siku zote 24, kilo 240 zinapatikana. Kila mtu anakuwa na saa 18 za ziada, mbali na kikomo cha 50.

Malipo je? Mshahara wa 240,000 kwa saa 180 ni kama shilingi 1,333 kwa saa. Mara moja na nusu ni shilingi 2,000. Saa 18 ni 36,000 kwa mtu, na watu 20 ni 720,000. Msimamizi naye anabaki, hawezi kuacha meza zikijiendea, na saa zake kwa kanuni hiyohiyo ni shilingi 90,000. Jumla 810,000. Kuajiri kulimgharimu 1,080,000. Saa ya ziada inaonekana ghali, na wenye karakana wengi huiogopa, lakini hapa inaokoa shilingi 270,000 kwa sababu inamzuia msimamizi wa pili asihitajike.

Haiokoi milele. Tulijaribu oda kubwa zaidi. Kwa kilo 360 za nyongeza, saa za ziada zingekuwa shilingi 1,215,000 na kuajiri watatu pamoja na msimamizi 1,320,000. Bado saa za ziada zinashinda. Kwa kilo 480, saa za ziada ni 1,620,000 na kuajiri wanne pamoja na msimamizi ni 1,560,000. Hapo mizani imegeuka. Kwa hiyo mama sasa ana namba ya kuishika: ukihesabu kwa hatua za kilo 120, nyongeza isiyofika kilo 480 ni ya saa za ziada, kuanzia hapo ni ya kuajiri. Namba hiyo ni ya karakana yake, na mishahara ikibadilika inahesabiwa upya.

Ilikuwepo njia ya tatu, nayo ndiyo inayotumiwa sana: mwache msimamizi mmoja asimamie meza 22. Mbona mbili tu! Kwenye karatasi inapendeza, gharama ya msimamizi haisogei. Ila gharama haikuondoka, imehamia kwenye karai. Korosho nzima na zilizovunjika haziuzwi bei moja, na pengo ni kubwa. Tuseme ni shilingi 6,000 kwa kilo, na meza kutopitiwa kwa wakati kunashusha korosho nzima kutoka 80 hadi 75 katika kila 100. Kwa kilo 2,640 hizo ni kilo 132 zilizohama kutoka nzima kwenda vipande, sawa na shilingi 792,000. Msimamizi aliyekwepwa alikuwa wa 600,000. Tena hasara hii haitaonekana kwenye mstari wa mishahara. Itaonekana kwenye mauzo, na lawama itawaendea wabanguaji kwamba wamekuwa wazembe. Kwa mwezi mmoja wenye wazoefu watupu huenda ikapita salama. Ninavyoshauri ni kuhesabu vipande kila jioni, na sehemu yake ikianza kupanda wiki ya pili, ujue ngazi umeshaipanda ila hujailipia.

Kupanda kuna shida yake, kushuka kuna shida nyingine. Oda ikirudi kuwa kilo 2,400, fomula itamfuta msimamizi wa pili mara moja. Maisha hayamfuti. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 akishapita mwezi wa kwanza kazini, na akimaliza mwaka kuna kiinua mgongo. Na mwenye karakana mwenyewe atasita: msimamizi mzuri ukimwachia leo, oda ikirudi utampata wapi? Mwaka 2003 watafiti Anderson, Banker na Janakiraman walichapisha uchunguzi wa makampuni ya Marekani, wakiangalia gharama za mauzo na utawala. Mauzo yalipopanda kwa asilimia 1, gharama hizo zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.55. Yaliposhuka kwa asilimia 1, zilishuka kwa 0.35 tu. Hawakuwa wakizungumzia korosho, lakini mama aliponisikia alicheka: "Hao nao wana huruma kama mimi." Mimi humwandikia kushuka kwa ngazi kwa kuchelewa mwezi mmoja, ili makadirio yasiahidi akiba ambayo haipo.

Kama una kumbukumbu za mwaka mzima na hujui kama gharama fulani ni ya ngazi, chora. Idadi ya wafanyakazi kwa chini, gharama ya mwezi kwa pembeni, nukta kwa kila mwezi. Nukta zikilala sawa kisha zikaruka, umeiona ngazi. Asiyechora hutumia njia ya mkato ya kuchukua mwezi wa chini na wa juu na kuunganisha mstari. Nilijaribu kwa vitabu vya mama. Msimu mdogo wabanguaji 18, wasimamizi 600,000. Msimu mkubwa wabanguaji 42, wasimamizi watatu, 1,800,000. Tofauti ya 1,200,000 kwa watu 24 ni 50,000 kwa kila mtu. Ukirudi nyuma hadi sifuri, njia hiyo inakuambia gharama isiyobadilika ni hasi 300,000, yaani karakana tupu bila mtu hata mmoja inalipwa shilingi laki tatu kila mwezi kwa kutokufanya kitu. Ukikutana na hasi kama hiyo, acha kutafuta kosa la kujumlisha. Umenyoosha mstari juu ya ngazi.

Mwezi wa pili wabanguaji walibaki zile dakika 45, na msimamizi wa pili hakuajiriwa. Mwezi wa tatu mama alimpigia simu mnunuzi mwenyewe, nikiwa nimekaa hapo hapo. Alimpa bei ya kilo 2,400, kisha bei ya kilo 2,880, na kuhusu zilizo katikati akamwambia, "Hizo, baba, nitakupa ila ni ghali." Mnunuzi alitaka kujua vipi zilizo chache ziwe ghali kuliko zilizo nyingi. Mama alinitazama, akaweka simu kwenye spika, akamwambia: "Subiri, nikuitie mtu wa hesabu akueleze habari za mbanguaji wa ishirini na moja."